Fahali sita wa Singida: jinsi ya kumpumzisha ng'ombe kabla ya kuchinjwa ili nyama isiwe nyeusi

Mteja wangu wa miaka mingi alisimama mbele ya bucha yangu asubuhi moja, akaitazama paja iliyoning'inia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeanza kuuza kibudu. Sikukasirika. Ile nyama ilikuwa nyeusi kama ini, juu imekauka, ukiigusa inanata kidoleni. Fahali mwenyewe alichinjwa akiwa mzima, akakaguliwa, akapigwa muhuri, na nilikuwepo. Jioni ya siku hiyo ile paja ilikuwa imeanza kunuka, wakati paja la maksai aliyechinjwa naye usiku uleule lilikuwa bado jekundu na tamu.

Nilikuwa nimenunua fahali sita katika mnada mmoja mkoani Singida nikawaleta Dar es Salaam kwa lori, safari ya kama kilomita 700. Wanne kati yao walitoa nyama ya namna ile. Nilidhani nimefanya kila kinachotakiwa, maana walifika jioni, wakalala zizini usiku mzima, wakachinjwa usiku uliofuata. Yaani walipumzika siku nzima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba zile saa 24 hazikuwa mapumziko hata kidogo, na huenda ziliwaharibu zaidi kuliko safari yenyewe.

Kinachotokea ndani ya mnofu

Misuli ya ng'ombe huweka akiba ya wanga unaoitwa glaikojeni. Ng'ombe aliyeshiba na kutulia ana takriban gramu 12 hadi 19 za akiba hiyo katika kila kilo ya mnofu. Ndiyo kuni anazozitumia kukimbia, kupigana, kupanda mwenzake, kujishikilia lori linapokata kona, na kutetemeka akinyeshewa. Hofu nayo huchoma kuni hizohizo hata akiwa amesimama tuli, kwa sababu adrenalini ikimwagika kwenye damu huiamuru misuli ifungue ghala.

Akishachinjwa, moyo husimama na hewa ya oksijeni haifiki tena kwenye misuli, lakini misuli haifi papo hapo. Huendelea kuiunguza ile akiba bila oksijeni, na jivu la moto huo ni asidi ya laktiki. Asidi hujikusanya polepole. Kipimo cha uchachu huitwa pH, na namba yake hushuka kadiri asidi inavyoongezeka: nyama inayoanza ikiwa na pH ya karibu 7 hushuka hadi kama 5.5 ndani ya siku moja. Uchachu huo mdogo, ambao ulimi hauusikii, ndio unaoifanya nyama iwe nyama tunayoijua: nyuzi zinasinyaa kidogo na kuachia maji, uso unang'aa kwa unyevu, rangi inafunguka kuwa nyekundu ikipata hewa, na bakteria wengi wanapata shida kuzaliana.

Sasa mchukue fahali aliyefika kisuni akiwa ghala limebaki tupu. Hakuna kuni, basi hakuna asidi. Akiba ikiwa chini ya takriban gramu 9 kwa kilo, pH haifiki kule inakotakiwa, na kwa fahali aliyechoka sana hukwama kwenye 6 au zaidi. Nyuzi zinabaki zimevimba, zimeyashika maji yake yote ndani, ndiyo maana juu panaonekana pakavu ilhali ndani kuna maji tele. Nuru inazama katikati ya nyuzi zilizobanana badala ya kurudi machoni, na seli zenyewe bado zinaila oksijeni inayogusa uso, kwa hiyo wekundu haufunguki. Ukavu na weusi vinatoka kwenye chanzo kimoja.

Kuoza haraka kuna sababu mbili. Ya kwanza ni huko kukosa uchachu. Ya pili watu wengi hawaijui: bakteria wakitua kwenye nyama ya kawaida huanza kula sukari iliyobaki, na wakiila hawatoi harufu kali. Kwenye nyama nyeusi sukari hiyo haipo, kwa hiyo wanaruka moja kwa moja kwenye protini, na protini ikivunjwa ndipo uvundo unapotoka. Nyama inanuka mapema hata kabla bakteria hawajawa wengi sana.

Hesabu ya siku ngapi

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo wenye bucha wengi wanapokosea. Tunahesabu saa za kupumzika kama vile ng'ombe ni mtu aliyechoka ambaye usingizi wa usiku mmoja unamtosha. Pumzi yake inarudi kweli, mapigo ya moyo yanatulia. Ghala la wanga ni jambo jingine. Ng'ombe ni mnyama wa kucheua, sukari haiingii kwenye damu yake kwa wingi kama yetu, na akiba ya misuli yake hujaa polepole mno. Akilishwa vizuri, unaweza kutarajia takriban gramu moja kwa kilo kwa siku. Asipolishwa, karibu hakuna kinachorudi.

Nikichukulia kwamba fahali wangu waliondoka Singida wakiwa na gramu 16, na kwamba njaa ya mnadani, kuswagwa, lori na ugomvi viliwashusha hadi 6, basi ili wafike kwenye 9 walihitaji siku tatu za kula na kutulia. Mimi niliwapa siku moja, bila majani, katika zizi lenye fahali wa watu wengine. Usiku kucha walikuwa wanapimana nguvu, kupigana pembe na kupandana. Kila kupandana ni kazi ya misuli ya mgongo na mapaja, na sehemu hizohizo, sarara na paja la nyuma, ndizo zilizotoka nyeusi kuliko zote. Maksai walikuwa kwenye kona yao, hawakujali.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu zenye maana. Ama ng'ombe ametoka karibu, amefika ametulia, mchinje mapema bila kumchanganya na wageni. Au ametoka mbali, mpe siku mbili hadi tatu kamili zenye chakula, maji na wenzake aliokuja nao. Usiku mmoja wa njaa kwenye zizi la wageni ndio mpango mbaya kuliko yote, na ndio uliozoeleka.

Hatua ya kwanza: mnadani

Nunua kundi lililotoka boma moja kama unaweza. Ng'ombe waliokua pamoja wameshajua nani mkubwa, hawana la kugombea. Ukinunua kutoka kwa wafugaji tofauti, funga mafahali mbali na majike, na hakikisha hakuna jike aliye kwenye joto ndani ya kundi, kwa sababu jike mmoja kama huyo atawachosha madume wote kwa usiku mmoja. Mkiwa na uwezo wa kuchagua kati ya fahali na maksai wenye uzito sawa, kwa safari ndefu mimi sasa nachukua maksai.

Muulize dalali ng'ombe wamefika mnadani lini na kwa miguu au kwa gari. Ng'ombe aliyeswagwa siku mbili kuja mnadani, akasimama juani siku ya tatu, tayari ameshakula sehemu ya ghala kabla hujampandisha kwenye lori. Kabla ya kupakia, wape maji na majani, hata kama madereva wananung'unika.

Hatua ya pili: lori

Pakia jua likiwa limetua, safiri usiku. Sakafu iwe na mchanga au majani makavu, kwa sababu ng'ombe anayeteleza hukaza misuli yote njia nzima. Wasibanwe hadi aliyeanguka ashindwe kuinuka, wala wasiachiwe nafasi kubwa hadi warushwe huku na huku breki zikikanyagwa. Wenye pembe ndefu na wasio na pembe wasipangwe pamoja.

Mtu wa kwenye lori ndiye mwenye bucha yako mkononi. Akizoea kumsokota ng'ombe mkia au kumchoma kwa fito yenye msumari ili ainuke, utaona matokeo yake mara mbili: kwanza michubuko ya damu iliyoganda ambayo mkaguzi wa nyama ataikata na kuitupa, kisha weusi. Nimeanza kumlipa wa kwangu nyongeza kwa kila ng'ombe anayefika bila kovu jipya. Ni pesa ndogo kuliko kilo nne tano zilizokatwa pajani.

Hatua ya tatu: kupokea na kupumzisha

Washushwe kwenye njia ya mteremko yenye sakafu isiyoteleza, bila kelele. Kabla ya chochote kingine wape maji. Ng'ombe mwenye kiu hawezi kula majani makavu. Kwa joto la Pwani, hesabu lita 40 au zaidi kwa siku kwa kila mmoja, na maji yawepo muda wote, usiku pia.

Kundi lililokuja pamoja libaki pamoja, katika zizi lake. Kwa ng'ombe mkubwa asiyefungwa, nafasi ya kama mita 2.5 za mraba inamtosha kulala na kugeuka. Paa au kivuli ni lazima, si kwa sababu ya jua peke yake. Usiku wa mvua kubwa ng'ombe aliyelowa hutetemeka, na kutetemeka ni kuunguza akiba.

Chakula kiwe nyasi kavu nzuri, na ukiweza ongeza pumba kidogo na mashudu. Usimpe wanga mwingi wa ghafla ng'ombe aliyezoea malisho ya porini. Tumbo litamvimba na utakuwa umeongeza tatizo. Fahali wa kilo 250 atakula kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku tatu ni kilo 18. Linganisha na paja mbili na sarara unazolazimika kuziuza kwa bei ya nyama ya kusaga kabla ya adhuhuri.

Utajuaje kwamba wanapumzika kweli? Nenda zizini usiku, simama mbali, tazama. Ng'ombe anayepumzika amelala na anacheua. Kama wengi wao wamesimama, vichwa juu, masikio yanageukageuka, au unasikia vishindo vya pembe, hayo si mapumziko. Tafuta kinachowasumbua: taa inayowapiga machoni, mbwa, zizi jirani la mafahali wengine, harufu ya damu inayoletwa na upepo kutoka machinjioni. Mara nyingi kuna mgomvi mmoja tu. Mtoe, mfunge peke yake lakini mahali anapowaona wenzake.

Siku hizi za mapumziko pia humpa mganga wa mifugo nafasi ya kuwaona kabla ya kuchinjwa. Ng'ombe ambaye hali, hacheui na ana homa baada ya siku mbili za utulivu hakuchoka, anaumwa, na huyo si wa kupangiwa zamu ya kuchinjwa bali wa kuonyeshwa daktari.

Hatua ya nne: saa za mwisho

Kuna mvutano hapa. Chakula kinajaza ghala, lakini tumbo lililojaa hupasuka kwa urahisi wakati wa kupasua, na mavi yakigusa nyama umeleta bakteria wewe mwenyewe. Suluhisho langu ni kuondoa majani saa 12 kabla ya kuchinja na kuacha maji. Baada ya siku mbili tatu za kula, nusu siku bila majani haimwagi akiba iliyojaa. Lakini ukimnyima ng'ombe aliyefika juzi na ghala tupu, umemnyima kila kitu.

Njia ya kutoka zizini hadi kisuni iwe fupi, yenye kuta zisizo na upenyo, bila kivuli kikali wala koti lililoning'inizwa. Ng'ombe husimama ghafla mbele ya kitu kidogo kama kamba inayopepea. Ukikiondoa hicho, huhitaji fimbo. Sogeza wawili watatu kwa pamoja, maana ng'ombe wa peke yake huogopa kuliko wote. Na wasichinjwe mbele ya wenzao, wala kisu kisinolewe mbele yao. Wachinjaji wetu wa Kiislamu wanayajua haya kama adabu ya kuchinja tangu utotoni. Kwa upande wa nyama, adabu hiyo inalinda akiba iliyobaki katika dakika za mwisho.

Hatua ya tano: kuisoma nyama

Usihukumu nyama ya saa mbili tangu kuchinjwa. Nyama yote ikiwa ya moto bado ni nyeusi-nyeusi na haina uchachu, hata ya ng'ombe aliyetulia. Nyama inayofika buchani alfajiri ikiwa na joto haikuambii chochote bado. Subiri hadi siku ipite, ikiwa kwenye friji au chumba cha baridi.

Kisha kata sarara kwa kisu kikali, iache wazi kwa nusu saa. Nyama nzuri itafunguka kutoka zambarau hadi nyekundu. Nyama ya ng'ombe aliyechoka itabaki vilevile. Weka kidole: kinanata, hakilowi. Weka kipande kwenye sahani: sahani inabaki kavu. Machinjio yenye kipimo cha pH yanaweza kuchoma sindano yake kwenye sarara baada ya saa 24. Ikisoma kati ya 5.4 na 5.7 furahi, 5.8 na 5.9 iuze haraka. 6 na kuendelea ndiyo ile niliyoitiwa kibudu. Karatasi za kupima pH ni nafuu, ila damu huzichafua rangi, kwa hiyo saga kipande kidogo kwenye maji safi kwanza, na hata hivyo ichukulie kama dokezo tu.

Watu huchanganya mambo matatu yanayofanana. Nyama ya ng'ombe mzee ni nyeusi kiasi, lakini ikikatwa inang'aa na kutoa maji, na wekundu wake unafunguka, ingawa ni wa kukolea. Kibudu hakikuvuja damu: mishipa imejaa damu, mafuta yana wekundu wa damu, viungo vya ndani vimejaa damu nyeusi. Nyama ya ng'ombe aliyechoka imevuja damu vizuri, mishipa ni mitupu, mafuta meupe au manjano ni masafi, ila mnofu wenyewe ndio mweusi. Ukikuta dalili za kibudu hakuna mjadala, hiyo haiuzwi. Siku ile nilimwonyesha yule mteja mishipa ya paja, akaelewa, ingawa alinunua ya maksai.

Kwa wanaofuga nguruwe, habari yao imegeuka. Nguruwe akiogopeshwa ghafla dakika chache kabla ya kisu, ghala likiwa bado limejaa, asidi hutoka kwa kasi nyama ikiwa bado ya moto. Matokeo ni nyama iliyopauka, laini, inayochuruzika maji. Nguruwe hutulia kwa saa mbili hadi tatu za zizi lenye kivuli na maji ya kumwagiwa. Akichoshwa siku nzima naye atatoa nyeusi kama ng'ombe.

Ikishatokea

Nyama nyeusi iliyotoka kwa mnyama mzima na kukaguliwa si sumu. Ni nyama isiyodumu. Iuze siku hiyohiyo, mwambie mteja ukweli na mshushie bei. Usiitundike ikomae, usiifunge kwenye mifuko isiyo na hewa ukitegemea ikae wiki. Humo huweza kugeuka kijani na kunuka kama yai viza. Isitumike kwa nyama ya kukausha au ya chumvi, kwa sababu uchachu unaoilinda nyama ya namna hiyo haupo. Mahali inapofaa ni kwenye kusaga na soseji za kupikwa, maana inashika maji vizuri na haivuji.

Jambo moja la jikoni watu wa nyama choma walijue: nyama hii hubaki na wekundu ndani hata ikishaiva kabisa. Mpishi ataipika akidhani mbichi, aikaushe kama kiatu, au siku nyingine atazoea wekundu na kutoa mbichi kweli. Iive kwa muda au kwa kipimajoto, si kwa rangi.

Kundi lililofuata nilileta maksai wanane wa boma moja, nikawakodishia uwanja wenye mti wa mwembe kwa siku tatu. Nilipokwenda usiku wa pili walikuwa wamelala wote wanane, na kulikuwa hakuna sauti nyingine ila ya kucheua.